Kipi Kilitangulia: Sonona au Kuacha Mazoezi?

Agosti 2018 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti uliohusu Wamarekani zaidi ya milioni 1.2 wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Takwimu zilitoka kwenye BRFSS, dodoso la afya ambalo serikali ya Marekani huliendesha kwa njia ya simu, kwa miaka ya 2011, 2013 na 2015. Kila mtu aliulizwa ni siku ngapi kati ya 30 zilizopita ambazo hali yake ya akili haikuwa nzuri, pamoja na huzuni na msongo. Akaulizwa pia kama katika mwezi uliopita alifanya mazoezi yoyote nje ya kazi yake ya kawaida. Waliofanya mazoezi waliripoti siku mbaya pungufu kwa asilimia 43.2, yaani kama siku moja na nusu kwa mwezi, wakilinganishwa na wasiofanya ambao walifanana nao kwa umri, kipato, elimu na mambo mengine kadhaa.

Ukilisoma hilo haraka, kalamu inaandika yenyewe: mazoezi hupunguza sonona kwa karibu nusu. Mimi naamini mazoezi yana faida kwa akili, na nitaeleza kwa nini. Lakini siamini kwamba takwimu za namna hii ndizo zinazoonyesha hivyo. Nadhani kila anayeziandikia habari, au anayeandika tasnifu juu yake, anapaswa kuona ni wapi hasa zinanyamaza.

Turudi kwenye maswali yenyewe. Siku mbaya zilihesabiwa ndani ya siku 30 zilizopita, na mazoezi nayo yaliulizwa ndani ya mwezi huohuo. Hakuna swali hata moja lililouliza kilichoanza ni kipi. Mtu aliyekuwa na siku 20 mbaya alibakiwa na siku 10 tu ambazo angeweza kutoka nyumbani kwenda kukimbia au kucheza mpira. Akijibu kwamba hakufanya mazoezi, jibu lake ni la kweli, lakini halituambii kama alikosa mazoezi ndipo akahuzunika, au alihuzunika ndipo akashindwa kuinuka kitandani. Watafiti wale hawakuificha shida hii. Wao wenyewe waliandika kwamba kutojishughulisha kunaweza kuwa dalili ya afya mbaya ya akili na pia kunaweza kuichangia.

Huu ndio udhaifu wa utafiti wa mara moja, ule ambao kila mtu huulizwa siku moja tu na hafuatiliwi tena. Unampiga picha mgonjwa na tabia yake kwa pamoja. Mwaka 1965 mtaalamu wa takwimu za tiba, Austin Bradford Hill, alitaja mambo tisa ya kutazama kabla ya kusema kwamba jambo fulani husababisha ugonjwa. Wanaofundisha somo hili hadi leo wanakubaliana kwamba moja kati ya hayo tisa halina mjadala: chanzo lazima kitangulie matokeo. Utafiti wa mara moja unaweza kugusa mengi kati ya yale mengine, lakini hilo moja haulifikii.

Watu hudhani shida hii ni ndogo, kitu cha kutajwa kwenye aya ya mwisho ya ripoti chini ya "mapungufu ya utafiti". Tuifanyie hesabu, kwa namba ninazozitunga ili mwendo wake uonekane.

Tuseme kuna mji wenye watu wazima 1,000. Mwanzoni mwa mwaka 500 wanafanya mazoezi na 500 hawafanyi. Tuseme pia kwamba katika mji huu mazoezi hayazuii sonona hata kidogo. Mwaka unapita, na asilimia 10 ya kila kundi wanapata sonona: watu 50 kutoka kwa wanamazoezi na 50 kutoka kwa wasiofanya. Hadi hapa makundi yako sawa kabisa. Lakini sonona ina tabia yake: inaondoa hamu na inamaliza nguvu. Kati ya wale wanamazoezi 50 walioumwa, nusu yao, yaani 25, wanaacha mazoezi.

Sasa mtafiti anafika na dodoso lake mwishoni mwa mwaka. Anawakuta wanaofanya mazoezi ni 475, na kati yao wenye sonona ni 25. Hiyo ni asilimia 5.3. Anawakuta wasiofanya ni 525, na wenye sonona ni 75: wale 50 wa tangu mwanzo na wale 25 waliohamia baada ya kuugua. Hiyo ni asilimia 14.3. Ataandika kwamba wasiofanya mazoezi wana sonona karibu mara tatu ya wanaofanya. Namba zake zitakuwa sahihi. Tafsiri yake itakuwa si kweli hata chembe, kwa sababu katika mji huu mazoezi hayakumkinga mtu yeyote. Ilitosha tu nusu ya wagonjwa wa kundi moja waache.

Fikiria mji wa pili. Huko watu 475 wanafanya mazoezi na 525 hawafanyi, hakuna anayebadilika mwaka mzima, na kukaa bila mazoezi kweli kunaleta sonona karibu mara tatu. Mtafiti akifika atapata 25 kati ya 475 na 75 kati ya 525. Jedwali ni lile lile, tarakimu kwa tarakimu. Miji miwili yenye ukweli unaopingana inatoa karatasi moja. Hakuna fomula ya kitakwimu inayoweza kuitenganisha miji hii kwa kutazama jedwali peke yake, kwa sababu habari inayohitajika, yaani nani alikuwa wapi mwanzoni mwa mwaka, haikukusanywa.

Ndiyo maana wingi wa watu hauokoi. Mji wa kwanza ungekuwa na watu milioni moja badala ya 1,000, uwiano ungebaki uleule, ila mtafiti angekuwa na uhakika zaidi juu ya namba inayompotosha.

Kusawazisha makundi kwa umri, jinsia, ndoa na kipato ni kazi nzuri, lakini inatibu ugonjwa mwingine. Inaondoa athari ya jambo la tatu, mfano umaskini, linaloweza kuleta sonona na pia kumnyima mtu nafasi ya mazoezi. Haiugeuzi mshale wa chanzo na matokeo uliokaa kinyume. Watafiti wa Marekani walikwenda mbali zaidi, wakawalinganisha hata watu waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana sonona. Katika kundi hilo waliofanya mazoezi walikuwa na siku mbaya kama 7.1 kwa mwezi, na wasiofanya 10.9. Inaonekana kama ushahidi mzito. Lakini swali la daktari liliuliza kama mtu *amewahi* kuambiwa, wakati wowote maishani. Kati ya watu wawili waliowahi kuugua, mmoja alishapona miaka mingi na mwingine yuko katikati ya ugonjwa leo. Yupi kati yao ana uwezekano mkubwa wa kuonekana uwanjani? Kulinganisha historia hakulinganishi hali ya sasa, na hali ya sasa ndiyo inayomfunga mtu miguu.

Kuna hoja nyingine inayotolewa mara kwa mara: kadiri mazoezi yanavyopungua ndivyo sonona inavyozidi, hatua kwa hatua, kwa hiyo lazima kuna usababisho. Hoja hii nayo haisaidii hapa. Mwenye sonona nyepesi ataruka siku moja moja, mwenye sonona ya kati ataenda mara moja kwa wiki, na aliyezidiwa hataenda kabisa. Ngazi ileile inajengeka mshale ukiwa kinyume.

Tukija kwenye vipimo vinavyotumika kwetu, jambo hili linakaza zaidi. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, likiwemo toleo la Kiswahili lililotumika Kenya na Tanzania, ni PHQ-9. Lina vipengele tisa vinavyohusu wiki mbili zilizopita, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 3, na watafiti wengi huhesabu alama 10 na kuendelea kuwa dalili ya sonona inayostahili kushughulikiwa. Kipengele cha kwanza kinauliza juu ya kukosa hamu ya kufanya mambo. Cha nne kinauliza juu ya kuchoka na kuishiwa nguvu. Cha nane kinauliza kama mtu anatembea au kuongea polepole kiasi cha watu wengine kugundua, au kinyume chake, kama hatulii. Yaani sehemu ya kipimo cha sonona chenyewe ni kipimo cha mtu kutojongea. Ukikihusisha na dodoso la mazoezi, sehemu ya uhusiano utakaoupata ni kitu kimoja kilichoulizwa mara mbili kwa majina tofauti. Vipengele vyake vya uchovu, usingizi na hamu ya chakula huweza pia kupanda kwa mtu mwenye upungufu wa damu au kifua kikuu, ambaye naye hatakimbia. Hapo hata mshale wenyewe haupo, kuna ugonjwa wa tatu uliozaa yote mawili.

Upande wa mazoezi kuna madodoso mawili makubwa. IPAQ inauliza juu ya siku 7 zilizopita. GPAQ, ambayo Shirika la Afya Duniani huitumia katika tafiti zake za magonjwa yasiyoambukiza, inauliza juu ya wiki ya kawaida. Weka IPAQ pembeni ya PHQ-9 uone: siku 7 za mazoezi zimekaa ndani ya wiki mbili za sonona, tena mwishoni mwake. Kile kinachoitwa chanzo kimepimwa baada ya kile kinachoitwa matokeo kuwa tayari kimeanza. Kwa GPAQ shida ni tofauti kidogo. Mtu anayeumwa sonona kwa mwezi wa nne sasa, wiki yake ya kawaida ni ipi? Ni ile ya kabla ya ugonjwa, au hii ambayo amekuwa akiishi tangu msimu uliopita? Wawili wenye historia moja wanaweza kujibu tofauti, na mhoji hatajua.

Hapa Afrika Mashariki naona jambo jingine ambalo halipewi nafasi ya kutosha. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba asilimia 27.5 ya watu wazima duniani hawapati mwendo wa kutosha, lakini Uganda ilikuwa asilimia 5.5 tu, ya chini kabisa kati ya nchi zote zilizopimwa. Sababu yake ni jembe, ndoo za maji, na safari za miguu. Mwendo wa namna hiyo haumsubiri mtu awe na hamu. Mkulima mwenye sonona mara nyingi ataingia shambani hivyo hivyo, kwa sababu asipoingia watoto hawatakula, wakati mfanyakazi wa ofisini mwenye sonona ileile ataacha kukimbia jioni bila hasara yoyote ya haraka. Kwa hiyo ninatarajia sonona iondoe kwanza mazoezi ya hiari, na mwendo wa lazima ubaki muda mrefu zaidi. Utafiti unaojumlisha yote kuwa namba moja unachanganya mwendo unaovunjwa na sonona kirahisi na mwendo usiovunjwa kirahisi. Anayekusanya takwimu kijijini na mjini kwa pamoja akitoa jibu moja, jibu hilo litategemea zaidi ni nani aliyeingia kwenye sampuli kuliko mazoezi yanavyofanya kazi. Tenganisha angalau kazi, safari na burudani. GPAQ yenyewe inaviuliza mbalimbali.

Basi mpangilio wa wakati hupatikanaje? Njia ya kwanza ni kuwafuatilia watu. Mfano mzuri unatoka Norwe, katika mradi wa HUNT. Watafiti walichukua watu wazima 33,908 ambao mwanzoni hawakuwa na dalili za sonona wala wasiwasi, wala maradhi ya mwili yaliyowazuia kujishughulisha, wakaandika mazoezi yao, kisha wakawapima tena baada ya takriban miaka 11. Wale ambao mwanzoni hawakufanya mazoezi kabisa walikuwa na uwezekano wa kupata sonona uliozidi kwa asilimia 44 ule wa waliofanya saa moja hadi mbili kwa wiki. Kwa wasiwasi hawakuona uhusiano wowote. Hapo angalau mtu aliulizwa juu ya mazoezi kabla hajaugua, na ndiyo sababu mimi huupa utafiti huu wa watu elfu thelathini na kitu uzito kuliko ule wa milioni moja.

Lakini hata ufuatiliaji una mtego wake, na mtego huo ni mwanzo wa ugonjwa ambao hauonekani. Sonona hurudi. Mtu aliyeacha mpira alipougua akiwa na miaka 25, akapona, asirudi tena uwanjani, ataonekana mzima na asiye na mazoezi siku ya kuandikishwa akiwa na miaka 35. Akiugua tena akiwa na miaka 38, atahesabiwa kuwa ni mtu ambaye kukaa kwake kulitangulia sonona. Kumbe sonona ya kwanza ndiyo iliyomkalisha. Kumtoa mgonjwa wa leo kwenye orodha hakutoshi; inabidi kumuuliza na historia yake.

Jinsi ugonjwa unavyoweza kutangulia kwa siri ilionekana wazi kwenye maradhi mengine. Watafiti wa Whitehall II, wanaowafuatilia watumishi wa serikali wa London, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya miaka 28 kuhusu mazoezi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Waligundua kwamba mwendo wa wagonjwa ulianza kupungua hadi miaka 9 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Utafiti wa kufuatilia watu kwa miaka mitano tu ungeweza kuona mazoezi kama kinga, wakati ni ugonjwa uliokuwa ukijitayarisha. Hivyo mtu akikuletea utafiti wa kufuatilia watu kuhusu sonona, muulize kama waliougua miaka miwili ya kwanza walitolewa kwenye hesabu, na namba ilibadilika kiasi gani baada ya kuwatoa. Ikishuka sana, ujue sehemu kubwa ya uhusiano ilikuwa imekaa kinyume.

Njia ya pili hutumia jeni, kwa sababu mtu hurithi jeni kabla ya kuugua na sonona haiwezi kuzibadilisha. Mwaka 2019 jarida la JAMA Psychiatry lilitoa uchambuzi wa namna hiyo uliotazama pande zote mbili. Jeni zinazoendana na mwendo mwingi, ukiwa umepimwa kwa kifaa kinachovaliwa mkononi, ziliendana na sonona pungufu. Jeni zinazoendana na sonona hazikuonyesha kupunguza mwendo uliopimwa. Lakini mazoezi yalipopimwa kwa maneno ya mtu mwenyewe, kinga ile haikuonekana. Tofauti hiyo kati ya kifaa na maneno inanigusa sana, maana tafiti zetu nyingi za mara moja zimejengwa juu ya maneno. Mtu mwenye huzuni hukumbuka wiki yake kwa huzuni, na anaweza kusema hakufanya lolote hata kama alitembea kila siku kwenda sokoni.

Wala ushahidi wote hauelekei upande mmoja. Uchunguzi wa mapacha wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008 uliona kwamba uhusiano wa mazoezi na dalili za sonona ulielezeka zaidi kwa urithi wa pamoja kuliko kwa moja kuzaa jingine. Majaribio ya tiba, ambapo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, yanaonyesha kwamba mazoezi hupunguza dalili, ingawa faida hiyo ilipungua sana katika mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, pale yalipobakizwa majaribio yaliyofanywa kwa umakini zaidi. Na majaribio hayo huuliza kama mazoezi yanamsaidia anayeumwa, si kama yanamkinga asiyeumwa. Nikiyaweka yote pamoja, ninaona mishale miwili ya kweli, na kinga iliyo ndogo kuliko ile ya asilimia 43.

Tofauti kati ya mishale hiyo inaonekana haraka zaidi kwenye chumba cha daktari. Daktari akisadiki mshale mmoja tu, mgonjwa anayesema hafanyi mazoezi atapewa ushauri wa kutembea nusu saa kila siku na kuruhusiwa aende. Atarudi bila kutembea, na ataondoka na lawama juu ya ugonjwa. Daktari akijua mishale ni miwili, atauliza, "Uliacha lini, na wakati huo usingizi wako ulikuwaje?" Mtu aliyekuwa akicheza mpira kila Jumamosi na akaacha miezi mitatu iliyopita bila kuumia mguu amekuja na dalili, na anahitaji kupimwa sonona siku hiyohiyo.

Mtafiti naye anaweza kuongeza maswali mawili bila gharama kubwa. La kwanza: ukilinganisha na mwezi kama huu mwaka jana, unajishughulisha zaidi, vilevile, au pungufu? La pili: hali hii ya huzuni au kukosa hamu ilianza lini? Majibu yatakuwa na makosa ya kumbukumbu, hasa kwa anayeumwa, na hayatageuza utafiti wa mara moja kuwa wa kufuatilia. Lakini katika mji wetu wa kwanza, swali la kwanza peke yake lingewafichua sehemu kubwa ya wale 25 waliohamia. Ukiwarudisha wote 25 walikotoka, jedwali linasoma 50 kati ya 500 kila upande.